Jina la bidhaa kwenye katalogi ya WhatsApp: mitindo minne, na duka gani litumie upi

Duka la vyombo vya nyumbani lina bidhaa 180 kwenye katalogi. Mteja haanzi kuteremka picha moja baada ya nyingine. Anagusa alama ya kutafuta iliyo juu ya katalogi, anaandika "brenda", na hapati kitu. Wateja wachache watauliza, "Brenda hamna?" Wengine wataondoka. Blenda ipo, picha yake ni nzuri na bei imeandikwa, ila jina lake kwenye katalogi ni "Philips HR2056".

WhatsApp Business inakuruhusu kuweka hadi bidhaa 500 kwenye katalogi. Kadiri unavyosogelea idadi hiyo ndivyo jina linavyobeba kazi ambayo zamani ilifanywa na muuzaji aliyesimama mlangoni: kuelewa mteja anataka nini hata akikitaja vibaya. Kisanduku cha kutafuta hakina huruma ya namna hiyo. Hakijui kwamba flampeni na kikaango ni kitu kimoja, na picha uliyopiga vizuri hakiisomi. Kinashika herufi zilizoandikwa.

Wauzaji wengi huangukia mtindo mmoja kati ya minne wanapotaja bidhaa. Wa kwanza ni jina la kawaida la Kiswahili, kama "Blenda ya jagi la plastiki". Wa pili ni jina mseto, yaani Kiswahili pamoja na jina jingine ambalo wateja hulitumia. Wa tatu unatanguliza chapa na modeli. Wa nne unatanguliza namba ya bidhaa ya duka lenyewe, kama BL07. Kila mmoja una duka unalolifaa, kwa hiyo tutaipima yote kwa vigezo vilevile.

## Vigezo vinne

Neno la mteja limo? Hiki kinatangulia vyote. Usijiulize kitu kinaitwaje kwa usahihi. Jiulize mteja wako atabonyeza herufi zipi.

Mwanzo wa jina unasema nini? Kwenye orodha, jina refu hukatwa na kumaliziwa kwa nukta. Matokeo yakitokea matano na yote yakaanza kwa maneno yaleyale, mteja hawezi kuyatofautisha bila kufungua moja moja.

Linasomekaje likitoka kwenye katalogi? Mteja akiweka vitu kwenye kikapu na kutuma oda, wewe unapokea orodha ya majina, picha, bei na idadi. Anayefungasha mzigo lazima ajue ni kipi hasa.

Kulitunza kuna kazi kiasi gani? Mtindo unaopendeza kwa bidhaa 20 unaweza kukuchosha zikifika 300, hasa kama mnaoingiza bidhaa ni wawili au watatu.

## Kabla ya kuchagua, lijaribu sanduku la kutafuta lenyewe

Programu husasishwa mara kwa mara, na simu ya mteja si lazima iwe na toleo ulilo nalo wewe. Ndiyo maana jaribio la dakika kumi lina thamani kuliko ushauri wa mtu yeyote. Chukua simu nyingine, isiyo ya duka, ufungue katalogi yako kama mteja. Unaweza kujitumia kiungo chake, ambacho ni namba ya duka ikitanguliwa na msimbo wa nchi bila alama ya kujumlisha:

```
https://wa.me/c/255XXXXXXXXX
```

Bidhaa mpya hupitiwa na WhatsApp kabla ya kuonekana kwa wateja, kwa hiyo usiijaribu sekunde ileile uliyoiweka. Ikishaonekana kwenye simu ya pili, fanya haya.

1. Kwa bidhaa yenye jina "Seti ya sufuria 7", tafuta "sufuria". Hapo unajua kama neno la katikati ya jina linapatikana.
2. Tafuta "suf", kisha tafuta "fur". "Suf" ikileta jibu na "fur" isilete, basi sanduku linasoma kuanzia mwanzo wa neno tu.
3. Kwa "Chupa ya chai", tafuta "chupa chai" bila "ya". Wateja wengi huruka viunganishi wakiwa na haraka.
4. Weka neno ambalo halipo popote pengine kwenye maelezo ya bidhaa moja tu, halafu ulitafute. Hapo utajua kama maelezo nayo yanasomwa au ni jina peke yake.
5. Tafuta neno lenye kosa la kawaida, kama "brenda" wakati umeandika "Blenda".

Andika majibu kwenye karatasi. Jaribio la pili na la nne ndiyo yatakayoamua mengi huko mbele.

Jambo jingine la kukusanya ni maneno ya wateja, na tayari unayo kwenye soga zako. Nenda kwenye ukurasa wa soga, gusa alama ya kutafuta, andika "thermos", na usome ujumbe ulioandikwa na wateja, si wewe. Rudia kwa "chupa ya chai" na "flaski". Baada ya maneno matatu hivi utaona lipi linatumika zaidi kwa watu wako. Duka la Kariakoo na duka la Mombasa yanaweza kupata majibu tofauti kwa chombo kilekile.

## Blenda moja kwa majina manne

Hapa kitu ni kimoja, majina ni manne. Jedwali linaonyesha kama herufi alizoandika mteja zimo ndani ya jina au hazimo.

| Mteja anaandika | Blenda ya jagi la plastiki | Blenda, blender, brenda | Philips HR2056 blender | BL07 Blenda |
|---|---|---|---|---|
| blenda | zimo | zimo | hazimo | zimo |
| blender | hazimo | zimo | zimo | hazimo |
| brenda | hazimo | zimo | hazimo | hazimo |
| philips | hazimo | hazimo | zimo | hazimo |
| BL07 | hazimo | hazimo | hazimo | zimo |
| mashine ya juisi | hazimo | hazimo | hazimo | hazimo |

Safu ya mseto imeshika nyingi, lakini isome tena kwa macho ya mteja: "Blenda, blender, brenda" ni jina linaloonekana kama limeandikwa na mtu aliyechanganyikiwa. Na mstari wa mwisho haukushikwa na yeyote. Mtu anayetafuta kwa kazi ya kitu badala ya jina lake atahitaji maelezo yanayosomwa na sanduku, au mkusanyiko, yaani kundi la bidhaa ndani ya katalogi, wenye kichwa kinachoeleweka, mfano "Vifaa vya umeme vya jikoni".

## Mtindo wa kwanza: jina la kawaida la Kiswahili

"Sufuria za alumini seti ya 7." "Kisu cha kukatia nyama." "Beseni la kufulia kubwa."

Neno la mteja kwa kawaida limo, mradi wateja wako huandika Kiswahili na kitu chenyewe kina jina moja linalojulikana. Sufuria ni sufuria, ndoo ni ndoo. Tatizo linakuja kwenye umoja na wingi, na hapa Kiswahili kina tabia yake. Nomino zetu nyingi hubadilika mbele. Mteja akiandika "kisu" na wewe umeandika "Seti ya visu 6", herufi zinazofanana ni "isu" tu, ambazo hakuna mtu atakayezitafuta. Vivyo hivyo kijiko na vijiko, kikombe na vikombe, kikaango na vikaango, mfuniko na mifuniko. Hata sanduku linalosoma katikati ya maneno halitakusaidia hapo.

Kundi la "ma" lina nafuu kidogo. Mteja anayeandika "bakuli" atakuta herufi zake ndani ya "mabakuli", ila tu kama jaribio la pili lilionyesha kwamba katikati ya neno panasomwa. Lisiposoma katikati, "mabakuli", "mabirika" na "masinia" yamejificha. Upande wa pili mambo ni magumu zaidi: anayeandika "mabakuli" hatapata "Bakuli la kauri" kwa njia yoyote, kwa sababu herufi mbili za mwanzo hazimo. Sahani, sufuria, chupa, ndoo na pasi hazina shida hiyo.

Dawa yake ni kutunga jina lenye umoja na wingi kwa namna ambayo mtu angeweza kusema. "Kikombe cha kauri, seti ya vikombe 6." "Kisu cha jikoni, visu 6 na kishikio cha mbao." "Bakuli la supu, mabakuli 6 ya kauri." Hakuna anayesoma majina hayo akahisi kwamba yametungwa kwa ajili ya kutafutwa, na bado yanamwambia mnunuzi idadi.

Mwanzo wa jina kwenye mtindo huu uko vizuri, kwa sababu kitu chenyewe kinatajwa kwanza. Kwenye oda nako linasomeka bila shida, isipokuwa duka lina vitu vingi vinavyofanana. "Sahani ya kioo" zikiwa nane, mfungashaji atategemea picha, na picha za sahani nyeupe hupotosha. Ongeza kinachoitofautisha: maua ya bluu, inchi 10, ya mraba.

Kulitunza ni rahisi kuliko mitindo mingine yote. Mtu mpya dukani anaweza kuingiza bidhaa siku yake ya kwanza bila kufundishwa utaratibu wowote. Unalifaa duka la vyombo vya kawaida, sokoni au mtaani, ambalo wateja wake huandika Kiswahili na hawaulizi chapa.

## Mtindo wa pili: jina mseto

"Kikaango flampeni sm 28." "Chupa ya chai thermos lita 2." "Jagi la umeme, kettle lita 1.8."

Nguvu ya mtindo huu ni kwamba vitu vingi vya jikoni vina majina mawili yanayoishi pamoja. Mama anayeandika "kikaango" na binti yake anayeandika "frying pan" wanataka kitu kimoja. Ukiuza kwa wateja wa Dar es Salaam na Nairobi kwa pamoja, au kwa jamaa walioko Ulaya na Uarabuni wanaowanunulia wazazi vitu nyumbani, mseto unakuwa wa lazima, maana ukichagua neno moja umelipoteza kundi zima.

Hatari iko kwenye kujaza. Muuzaji akishaona kwamba neno la pili limemletea mteja, anaongeza la tatu, la nne, mpaka jina linakuwa "Kikaango flampeni frampeni fryingpan pan ya kukaangia chapati mayai". Mwanzo wa jina bado unaeleweka, lakini ukubwa umesukumwa mwisho na hauonekani kwenye orodha. Pia mteja aliyetafuta "chapati" ataletewa vikaango, chuma cha chapati, kibao na mpini wa kusukumia, vyote kwa pamoja. Sanduku linaloleta vitu 40 halijamsaidia zaidi ya lile lisiloleta kitu.

Kanuni inayofanya kazi ni majina mawili tu kwa kila bidhaa: lile linaloongoza kwenye soga zako, na la pili yake. Mengine yaende kwenye maelezo, kama jaribio la nne lilionyesha kwamba maelezo yanasomwa. Huko ndiko mahali pa tahajia za makosa pia. "Brenda" kwenye jina inaonekana kama kosa la duka. Ndani ya sentensi ya mwisho ya maelezo haimkeri mtu. Kama maelezo hayasomwi, amua kwa idadi. Neno ambalo wateja huliandika kila wiki linastahili nafasi kwenye jina hata kama mwalimu wa Kiswahili angelipigia mstari mwekundu. Neno uliloliona mara moja tu halistahili.

Kwenye oda, jina mseto linasomeka vizuri likiwa fupi. Utunzaji ndio wenye gharama. Mnahitaji orodha moja ya maneno yaliyokubaliwa, hata ikiwa ni karatasi iliyobandikwa ukutani: kikaango ni "kikaango flampeni", chupa ya chai ni "chupa ya chai thermos". Bila orodha hiyo mmoja ataandika flampeni, mwingine fulampeni, na mteja atapata nusu ya bidhaa akidhani ndizo zote. Kosa hili ni baya kuliko kukosa kabisa, kwa sababu aliyekosa anaweza kuuliza, na aliyepata nusu hana sababu ya kuuliza.

Unalifaa duka lenye wateja wa miji au nchi tofauti, na lile ambalo vijana ndio wanaoagizia nyumba.

## Mtindo wa tatu: chapa na modeli kwanza

"Philips HR2056 blender."

Kwa vifaa vya umeme, vipuri na simu, mteja mara nyingi huja akiwa ameshachagua. Ameona kwa jirani, amepiga picha ya boksi, anataka hicho na si kingine. Huyo anaandika modeli, na jina lenye modeli linamletea jibu moja tu, lililo sahihi. Hakuna mtindo mwingine unaofikia usahihi huo.

Asiyejua chapa hapati kitu. Chapa na modeli vikisimama peke yake, vinamfungia nje kila anayeandika jina la kitu, kwa hiyo neno "blenda" lazima liwemo hata likiwa mwisho. Modeli iandikwe kama ilivyo kwenye boksi, bila kuongeza nafasi: "HR2056" na "HR 2056" si herufi zilezile kwa sanduku. Kiambishi kinachofuata mkwaju, kama "/00", kiache kwenye maelezo.

Kwenye orodha, mwanzo wa jina ni wa maana kwa anayejua na ni fumbo kwa asiyejua. Kwenye oda ni mtindo ulio wazi kuliko yote, kwa sababu mfungashaji analinganisha namba ya jina na namba ya boksi. Kulitunza si kazi: unanakili kilichoandikwa.

Onyo moja. Usiweke jina la chapa kwenye kitu kisicho cha chapa hiyo ili upatikane kirahisi, hata kwa kuandika "aina ya" mbele yake. Bidhaa za kughushi hukatazwa na sera za biashara za WhatsApp, na mteja aliyetafuta chapa akafikishiwa kingine atarudisha mzigo. Kwa sufuria, sahani na mabeseni ambayo chapa zake hakuna anayezikumbuka, mtindo huu unapoteza nafasi ya mbele bure.

## Mtindo wa nne: namba ya duka kwanza

"BL07 Blenda." "CH112 Chupa ya chai."

Mtindo huu umezaliwa na mauzo ya kwenye Status na makundi. Muuzaji anaweka picha ya sahani iliyoandikwa namba pembeni, mteja anaiona, anafungua katalogi, anaandika namba, anakipata kilekile. Kwa vitu vinavyofanana sana, kama seti 30 za vikombe vyenye maua tofauti, hakuna maelezo ya maneno yanayoshinda namba.

Kwa mteja asiyeiona ile picha, namba haina maana yoyote. Anategemea neno lililofuata, kwa hiyo neno hilo lisikosekane. Mwanzo wa jina ndio udhaifu mkubwa: sehemu ya kwanza ya kila mstari kwenye orodha inajaa herufi ambazo hazimwambii kitu. Kwenye oda, kinyume chake, namba ni baraka, hasa ikiwa imebandikwa kwenye rafu na kwenye boksi.

Utunzaji wake una masharti ambayo yakikiukwa mfumo wote unavurugika. Tumia herufi mbili na tarakimu, bila nafasi wala kistari, maana mteja ataandika kama anavyotaka na unataka iwepo njia moja tu. Epuka herufi O na I, zinazofanana na 0 na 1 kwenye picha. Amua idadi ya tarakimu mapema na uijaze kwa sifuri: ukiandika BL7, atakayeitafuta ataletewa pia BL70 hadi BL79 zikifika, BL07 haina mgongano huo. Na namba ya bidhaa iliyokwisha usiipe bidhaa nyingine. Picha za Status hupigwa picha na kusambazwa, na miezi mitatu baadaye mtu ataitafuta namba ile akitaka kile alichokiona.

Kuna njia ya kati. Fomu ya bidhaa ina sehemu ya namba, inayoonekana kama `Item code`, unayoipata ukifungua sehemu za ziada. Ijaribu kama ulivyojaribu maelezo: weka namba humo tu, kisha itafute kwa simu ya pili. Ikipatikana, jina lako linabaki safi. Isipopatikana, weka namba mwisho wa jina badala ya mwanzo: "Kikombe cha kauri, vikombe 6 maua mekundu VK31". Itatafutika vilevile, na mbele pamebaki kwa neno.

## Yanayoharibu mtindo wowote

Herufi za mapambo ni adui wa kwanza. Zile herufi nene au za mwandiko zinazonakiliwa kutoka programu za fonti zinaonekana kwa macho kama alfabeti ya kawaida, lakini kwa kompyuta ni alama nyingine kabisa. "𝐒𝐮𝐟𝐮𝐫𝐢𝐚" haina hata herufi moja inayolingana na "sufuria" anayoiandika mteja. Ili kuzigundua, tafuta bidhaa hiyo kwa jina lake ukiliandika kwa kidole. Isipotokea, futa jina lote na uliandike upya. Kunakili na kubandika kutazirudisha zilezile.

La pili ni kutanguliza "OFA", "MZIGO MPYA" au nyota na moto. Hakuna anayetafuta neno "ofa" akitaka beseni, na ofa ikiisha unabaki na majina 40 ya kusahihisha. Weka mkusanyiko wa ofa badala yake, na majina uyaache.

La tatu ni vipimo. Lita 3, 3L, 3 L na ltr 3 ni maandishi manne. Chagua moja kwa duka zima, na uongeze la pili pale tu ambapo wateja hulitumia kweli.

## Chupa nne za chai, hatua kwa hatua

Chukua duka lenye chupa za chuma za lita 1, 2 na 3, na ya plastiki ya lita 2. Majina yake ya sasa ni "Thermos quality", "Thermos kubwa", "Thermos ya familia" na "𝐂𝐡𝐮𝐩𝐚 OFA". Anayeandika "chupa" hapati hata moja. Anayeandika "thermos" anapata tatu, ila hajui ipi ni ya lita ngapi. Mfungashaji akiona "Thermos kubwa" kwenye oda lazima apige simu.

Muuzaji anatafuta kwenye soga zake na kukuta "chupa ya chai" inaongoza, "thermos" ikifuatia kwa karibu, na vipimo vinaandikwa "lita 3" na "3L". Anachagua mseto na kuandika "Chupa ya chai thermos chuma, lita 3", na nyingine vivyo hivyo. Sasa utafutaji unaleta zote nne. Lakini kwenye simu yenye kioo kidogo zote zinaonekana "Chupa ya chai thermos…", na kipimo kimekatwa. Tatizo la kupatikana limeisha, limebaki la kuchagua.

Anazigeuza tena:

- Chupa ya chai lita 1, chuma, thermos 1L
- Chupa ya chai lita 2, chuma, thermos 2L
- Chupa ya chai lita 3, chuma, thermos 3L
- Chupa ya chai lita 2, plastiki, thermos 2L

Kitu na kipimo viko mbele panapoonekana. Neno la pili na kipimo cha pili viko nyuma, ambako hata vikikatwa kwenye orodha bado vipo kwa ajili ya kutafutwa. Anahifadhi, anasubiri mabadiliko yaonekane kwenye simu ya pili, kisha anajaribu "chupa", "thermos", "lita 3", "3L" na "chupa chai".

Huhitaji kubadilisha bidhaa zote kwa siku moja. Anza na zile ambazo wateja huuliza "mnayo?" ilhali zipo kwenye katalogi. Swali hilo ndilo dalili kwamba jina limeshindwa.

## Chagua kwa hali yako

Ikiwa bidhaa hazifiki 40 na wateja ni wa mtaani, tumia jina la kawaida la Kiswahili, ukizingatia umoja na wingi. Mikusanyiko mitatu au minne itamaliza kazi iliyobaki.

Ikiwa soga zako zinaonyesha maneno mawili yanayokaribiana kwa wingi, au unasafirisha mizigo mikoani na nje ya nchi, chukua mseto wa majina mawili na uandike orodha ya maneno kabla hujagusa bidhaa ya kwanza.

Ikiwa unauza vifaa vya umeme vyenye boksi na dhamana, tanguliza chapa na modeli, na umalizie kwa jina la kitu: "Philips HR2056 blenda". Duka linalochanganya vifaa hivyo na vyombo vya kawaida linaweza kutumia mitindo miwili, mradi kila kundi la bidhaa lifuate mmoja tu.

Ikiwa mauzo yako mengi yanatoka kwenye picha za Status na makundi, namba inakuhusu. Iweke kwenye `Item code` kama inatafutika, au mwisho wa jina kama haitafutiki. Iweke mbele pale tu ambapo karibu kila mteja anakuja na namba mkononi.

Na ikiwa jaribio la nne lilionyesha kwamba sanduku linasoma maelezo, fupisha jina kwa mtindo wowote ule uliouchagua, kisha uandike maelezo kwa sentensi za kawaida zenye maneno yote ya ziada: majina mengine, tahajia za mtaani, na kazi ya kitu. "Blenda hii, wengine huiita brenda au mashine ya juisi, ina jagi la plastiki na kisagio cha viungo."